Kwa nini wanataka hati ya shamba kabla ya kukupa mkopo?

Baada ya kipindi chetu cha wakulima wiki iliyopita tulipokea ujumbe mwingi kuhusu mikopo. Mmoja ulitoka kwa dada anayelima alizeti na kuendesha genge dogo kijijini kwake. Aliandika hivi: ana shamba la ekari sita, ana hati ya kimila, alikwenda kuomba mkopo wa shilingi milioni tatu, na akakataliwa. Akauliza, "Wao si ndio walisema wanataka dhamana? Nimeipeleka. Sasa wanataka nini tena?"

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Wengi wetu tunaamini kuwa dhamana ndiyo inayomfanya mtu apate mkopo, kwamba ukiwa na shamba au nyumba, fedha zipo. Anayekopesha haoni hivyo. Kwake dhamana ni jambo la pili, na kuna la kwanza linalotangulia. Leo tunaeleza yote mawili kwa kutumia mfano wa dada huyu. Tarakimu zake tumezisawazisha kidogo ili zihesabike kirahisi, na kwa ombi lake hatutaji jina wala kijiji.

Tuanzie dukani

Kila kijiji kina duka linalokopesha. Ukienda kuchukua kilo ya sukari na huna hela, mwenye duka anakuandika kwenye daftari. Hakudai hati ya nyumba. Anajua unapoishi, anajua unavuna lini, anajua mara ya mwisho ulichukua mafuta ukalipa baada ya siku nne. Huko ndiko kukopesheka: mtu akikutazama anaamini, kwa sababu anazozijua, kwamba utaweza kulipa na utalipa.

Sasa aje mgeni dukani hapo hapo, mtu ambaye hakuna anayemfahamu, aombe kukopa mchele wa shilingi elfu ishirini. Mwenye duka atamwambia aache simu. Simu ile, ambayo mtaani tunasema ameiweka bondi, ndiyo dhamana. Haikuombwa kwa sababu mwenye duka anataka kuuza simu. Imeombwa kwa sababu hamjui mgeni yule, na anahitaji kitu kitakachomrudisha.

Benki, chama cha ushirika cha akiba na mikopo, na kampuni ndogo za mikopo ziko karibu zaidi na hali ya pili kuliko ya kwanza. Afisa mikopo anayekaa wilayani hajui kama shamba lako lilivamiwa na ndege mwaka jana. Hajui kama una madeni mengine kwa majirani. Wewe unajijua vizuri sana, yeye anakujua kidogo sana. Dhamana inaziba pengo hilo.

Inafanya kazi tatu kwa pamoja. Kwanza, usipolipa, kuna kitu cha kuuza ili fedha zirudi. Pili, inakufanya wewe mwenyewe uupe mkopo huo kipaumbele, kwa sababu una cha kupoteza. Tatu, inawachuja watu: anayejua moyoni kuwa hana nia ya kulipa hatakubali kuweka shamba la familia, kwa hiyo wengi wa aina hiyo wanaishia mlangoni.

Watu watano kati ya mia

Kuna wanaosema benki ina fedha nyingi, ikipoteza mkopo mmoja haitaumia. Tufanye hesabu ndogo.

Chukua mkopeshaji aliyewakopesha watu 100, kila mmoja shilingi 100,000, kwa riba ya asilimia 10. Ametoa jumla ya shilingi milioni 10. Watu 95 wanalipa vizuri na riba yao, yaani shilingi 10,000 kila mmoja. Riba yote anayopata ni shilingi 950,000. Lakini watu watano hawajalipa kabisa, na hapo amepoteza shilingi 500,000. Zaidi ya nusu ya faida ya watu 95 imekwenda kufidia watu watano. Katika shilingi 450,000 zilizobaki bado alipe mishahara, mafuta ya pikipiki ya kufuatilia wakopaji, na kodi ya ofisi. Na kama fedha alizokopesha ni akiba za watu wengine, wenye akiba nao wanazitaka.

Kwa hiyo mkopeshaji ana njia mbili. Ama aweke riba kubwa ili wanaolipa wawabebe wasiolipa, ama atake dhamana ili wasiolipa wawe wachache na hasara iwe ndogo. Ndiyo maana mkopo wa simu usiohitaji dhamana unaanza na kiasi kidogo sana, muda wake ni mfupi, na ukipiga hesabu ya gharama yake kwa mwaka mzima inakuwa juu kuliko mkopo wa benki wenye dhamana. Hata katika mikopo hiyo ya simu kuna kinachopimwa: namna unavyotumia laini yako na unavyolipa unachokopa. Ukirejesha kwa wakati, kiwango kinapanda. Ni daftari lile lile la dukani, ila limehamia kwenye simu.

Swali la kwanza la afisa mikopo

Turudi kwa dada yetu wa alizeti. Aliomba shilingi milioni tatu, alipe ndani ya miezi 10, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi inayohesabiwa kwenye mkopo wa mwanzo. Riba ya mwezi mmoja ni shilingi 60,000, kwa miezi 10 ni shilingi 600,000. Jumla ya deni ni shilingi 3,600,000.

Tulipomuuliza fedha zilikuwa za nini, alisema shilingi 1,200,000 ni za shamba na shilingi 1,800,000 ni za kuezeka nyumba kwa bati. Afisa mikopo naye aliuliza swali hilo hilo. Na hapa ndipo penye swali la kwanza, lile linalotangulia dhamana: fedha za kulipa zitatoka wapi?

Genge lake linamwachia faida ya kama shilingi 9,000 kwa siku, yaani shilingi 270,000 kwa mwezi. Chakula cha nyumbani, shule na mengineyo vinachukua shilingi 180,000. Zinabaki shilingi 90,000. Kutoka hapo alipe riba ya shilingi 60,000 kila mwezi, abaki na shilingi 30,000. Akiziweka zote bila kugusa, baada ya miezi 10 ana shilingi 300,000.

Shamba lake la ekari sita, mwaka mzuri, linampa gunia sita kwa ekari, jumla gunia 36. Kwa bei ya shilingi 60,000 kwa gunia, anapata shilingi 2,160,000. Gharama za shamba zimeshalipwa na mkopo, kwa hiyo tuzichukue zote. Jumlisha na akiba ya genge: shilingi 2,460,000. Anadaiwa shilingi 3,000,000 za mkopo wenyewe.

Amepungukiwa shilingi 540,000, na huo ndio mwaka mzuri. Bati zilizo juu ya nyumba ni kitu kizuri, lakini haziingizi shilingi hata moja ya kulipia mkopo.

Hapo ndipo ombi lake lilipokwama. Shamba halikuwa tatizo, wala hati yake. Hesabu yenyewe ilikuwa inaonyesha kwamba hata mvua ikinyesha vizuri, atashindwa. Mkopeshaji ambaye angempa milioni tatu kwa kuangalia shamba tu, angekuwa anajua tangu siku ya kwanza kwamba mwisho wake ni mnada. Tunaomba mlishike hili, kwa sababu ndilo kiini cha makala hii: anayekukopesha kwa sababu una shamba tu, bila kujali utalipa kwa nini, kwa kweli ameanza kulinunua shamba lako kwa bei ndogo.

Tulikaa na dada huyu tukapiga hesabu upya. Akiacha bati kwa sasa, akaomba shilingi 1,200,000 za shamba peke yake: kulima kwa trekta shilingi 300,000, mbegu shilingi 240,000, palizi shilingi 300,000, kuvuna pamoja na magunia na usafiri shilingi 360,000. Riba yake kwa mwezi ni shilingi 24,000. Genge linabaki na shilingi 66,000 kila mwezi, na kwa miezi 10 ni shilingi 660,000.

Sasa tumpe mwaka mbaya kabisa. Mvua zimekatika, amevuna nusu, gunia 18. Kwa bei ile ile ni shilingi 1,080,000. Ongeza akiba ya genge, anazo shilingi 1,740,000. Deni la shilingi 1,200,000 linalipika, na chenji inabaki. Huyu anakopesheka. Ni mtu yule yule, na shamba ni lile lile.

Jambo moja zaidi katika hesabu hii: wakati wa kulipa. Mkulima hapati fedha kila mwezi. Mkopo unaodai marejesho makubwa kuanzia mwezi wa kwanza, wakati alizeti bado haijaota, unamlazimisha kula mtaji au kukopa kwingine ili alipe huku. Uliza kabla ya kusaini kama unaweza kulipa riba kidogo kidogo na mkopo wenyewe baada ya mavuno. Si wote wanakubali, ila wapo wenye mikopo ya kilimo ya namna hiyo.

Kwa nini shamba la milioni nne halihesabiwi milioni nne

Swali la pili la mkopeshaji ndilo la dhamana: mambo yakiharibika kabisa, nitapata nini? Na hapa watu wengi huona kama wamedharauliwa, kwa sababu thamani anayotaja afisa ni ndogo kuliko wanayoijua wao.

Majirani wa dada yetu wameuza ekari kwa shilingi 800,000. Ekari zake sita kwa bei hiyo ni shilingi 4,800,000. Lakini bei hiyo ni ya mtu asiye na haraka, aliyesubiri mnunuzi mzuri. Kitu kinachouzwa kwa lazima hushuka bei. Tuseme mkopeshaji anakata robo, inabaki shilingi 3,600,000. Halafu kuna dalali wa mnada, matangazo, safari, pengine na wakili. Tukiweka shilingi 500,000 kwa hayo yote, anabaki na shilingi 3,100,000. Kila mkopeshaji ana viwango vyake vya kukata, lakini wote wanakata. Kwa hiyo deni la shilingi 3,600,000 halifunikwi na shamba hilo. Deni la shilingi 1,440,000 linafunikwa na zaidi.

Kwa ardhi ya kijiji kuna ugumu mwingine. Hatimiliki ya kimila hutolewa na halmashauri ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Ni hati halali na inaweza kuwekwa rehani. Lakini ardhi hiyo haiuzwi kwa yeyote tu. Mnunuzi asiye wa kijiji anahitaji kukubaliwa na halmashauri ya kijiji, na anatakiwa awe mtu atakayeishi au kufanya kazi hapo. Sheria iliweka hivyo ili kulinda wanakijiji wasipoteze ardhi yao kwa watu wa mbali. Kinga hiyo hiyo inapunguza idadi ya wanunuzi, na mkopeshaji anaijua. Ndiyo sababu baadhi ya benki zinaikubali hati ya kimila na nyingine zinasitasita, au zinaikubali kwa mkopo mdogo zaidi.

Ukiondoka na jambo moja katika sehemu hii liwe hili: dhamana nzuri ni ile yenye mwenyewe asiyebishaniwa, inayouzika bila kelele, na isiyopoteza thamani haraka. Shamba ambalo ndugu watatu wanaligombea, hata liwe ekari ishirini, ni dhamana dhaifu. Ng'ombe anaweza kufa. Pikipiki ya leo si pikipiki ya mwakani.

Saini ya mume, saini ya mke

Wapo wanaotuandikia wakilalamika kuwa benki imewaambia waje na mwenza wao. Huo si usumbufu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inataka ridhaa hiyo ionekane ndipo rehani iwe halali.

Fikiria maana yake nyumbani. Mume akichukua hati kimyakimya, akakopa, biashara ikafa, atakayeshtuka siku ya mnada ni mama na watoto. Ridhaa ya maandishi inawapa nafasi ya kusema hapana wakati hapana bado ina faida. Kwa hiyo mkopeshaji anayekuambia "usijali kuhusu mke, saini wewe tu" hakurahisishii. Anakuonyesha kuwa hafuati sheria, na asiyefuata sheria wakati wa kutoa mkopo hataifuata wakati wa kudai.

Ukishindwa kulipa, nini kinafuata?

Kushindwa rejesho moja hakumpi mkopeshaji ruhusa ya kuja kesho yake na mnunuzi. Kwa ardhi iliyowekwa rehani, Sheria ya Ardhi inamtaka kwanza akupe notisi ya maandishi inayoeleza umekosea wapi na unadaiwa kiasi gani, na unapewa siku 60 tangu kuipokea ili kurekebisha. Zikipita bila kulipa, ndipo anaweza kuendelea na hatua kama kuuza. Mnada wa ardhi nao unapaswa kutangazwa hadharani angalau siku 14 kabla.

Bei pia ina ulinzi. Mkopeshaji anawajibika kutafuta bei bora inayowezekana. Ardhi ikiuzwa kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi kuliko bei ya wastani ya ardhi inayofanana nayo, sheria inachukulia kwamba hakutimiza wajibu huo, na mkopaji anaweza kwenda mahakamani. Na shamba likiuzwa kwa fedha nyingi kuliko deni na gharama, kinachobaki kinalipa wadai wengine waliosajiliwa, kama wapo, na ziada ni yako.

Siku hizo 60 ni za kutumia, si za kujificha. Wakopaji wengi wakishindwa huzima simu. Maafisa mikopo tuliozungumza nao wanasema mambo yanakuwa rahisi zaidi kwa aliyekuja mapema na kusema, "Nimevuna nusu, naomba niongezewe miezi minne." Kupanga upya mkopo ni nafuu kwa pande zote kuliko mnada. Lakini omba mpango huo mpya uandikwe na usainiwe. Ahadi ya mdomo ya afisa aliyehamishiwa wilaya nyingine haina wa kuitetea.

Karatasi ya hatari

Hapa tunaomba usome polepole. Kuna wakopeshaji mitaani, hasa wale ambao watu wamewapa jina la kausha damu, ambao hawaandiki mkataba wa mkopo. Wanakuandikisha mkataba wa mauziano. Umekwenda kukopa shilingi laki nane, karatasi inasema umeuza shamba lako kwa shilingi laki nane. Unaambiwa ni utaratibu tu. Siku ukichelewa kulipa, yeye haendi kwenye notisi ya siku 60 wala mnada. Anakwenda kwa mwenyekiti na karatasi yenye saini yako na mashahidi, anasema alinunua.

Namna ya kuitambua ni rahisi. Tazama kichwa cha karatasi. Je, kinasema mkopo, au mauziano? Tafuta ndani yake kiasi ulichokopa, riba, na tarehe ya mwisho ya kulipa. Kama vitatu hivyo havimo, huo si mkataba wa mkopo. Usisaini karatasi yenye nafasi tupu ambazo "zitajazwa baadaye". Dai nakala yako papo hapo. Na usiache hati halisi kwa mtu binafsi asiye na ofisi wala leseni. Biashara ya kukopesha nchini inasimamiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na mkopeshaji wa kampuni anatakiwa awe na leseni inayotokana na Benki Kuu. Kuomba kuiona si utovu wa adabu.

Ukimaliza kulipa, kazi bado haijaisha. Rudi uchukue hati yako, pamoja na barua inayosema deni limekwisha, na uhakikishe rehani imefutwa pale iliposajiliwa. Hati ikirudi mkononi huku rehani bado iko kwenye daftari la masjala, siku ukitaka kukopa tena au kuuza utaambiwa shamba hili lina deni.

Ambaye hana hati

Na asiye na shamba lenye hati? Zipo dhamana ambazo si ardhi. Tutaje mbili tu ambazo wasikilizaji wetu wengi wanazifikia.

Ya kwanza ni mazao yenyewe. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 inamruhusu mkulima aweke mazao kwenye ghala lenye leseni, apewe stakabadhi inayoonyesha uzito na ubora, na stakabadhi hiyo inaweza kuwa dhamana ya mkopo. Kwa mkopeshaji hii ni dhamana nzuri, kwa sababu mzigo umepimwa, umefungiwa, na una soko. Kikwazo chake ni kwamba inakusaidia baada ya kuvuna, si wakati unatafuta mbegu. Inamfaa anayetaka kusubiri bei ipande bila kulala njaa.

Ya pili ni watu. Katika kikundi, wanachama wanadhaminiana. Mmoja akikwama wengine wanalipa, na kwa kuwa hawataki kumlipia mvivu, wao wenyewe wanamchuja kabla ya afisa yeyote kufika. Majirani wanajua kile ambacho benki haijui, ndiyo maana njia hii inafanya kazi bila hati. Mikopo ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ile isiyo na riba, nayo inategemea kikundi. Lakini usijidanganye kuwa hapo hakuna dhamana. Kilichowekwa rehani ni uhusiano wako na wenzako, na akiba zao.

Kwa njia zote mbili, na hata kwa mwenye hati, historia inakufuata. Benki zinatakiwa kupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata iliyoko Benki Kuu, na kuna kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni zinazotoa ripoti kwa wakopeshaji. Mkopo wa benki uliouacha miaka mitatu iliyopita wilaya nyingine unaweza kuonekana leo. Vivyo hivyo ule uliolipa vizuri. Kwa mtu asiye na ardhi, mikopo midogo mitatu iliyolipwa kwa tarehe, pamoja na daftari la mauzo ya genge linaloandikwa kila siku, ni mwanzo mzuri kuliko hadithi ndefu mbele ya afisa.

Dada yetu wa alizeti amerudi na ombi la shilingi 1,200,000, mume wake akiwa pembeni yake na daftari la genge mkononi. Hadi tunaandika makala hii, mthamini alikuwa amekwishafika shambani, na jibu anatarajia kulipata wiki ijayo. Bati atanunua kwa awamu, anasema, bandari moja baada ya nyingine kila mavuno yakiruhusu.

Kama una karatasi ya mkopo uliyopewa na huielewi, usiisaini kwanza. Tuandikie kwa namba ile ile ya kipindi cha wakulima, utuambie maneno yaliyomo bila kutaja jina lako wala la mkopeshaji, nasi tutayachambua hewani kwa lugha ya kawaida.